Maziwa ya jioni yanarudishwa: alumini, stenlesi au plastiki?

*"Habari daktari. Nina ng'ombe wawili wanaokamwa hapa Njoro. Asubuhi napata lita 9, jioni lita 7. Ya jioni nayalaza, halafu asubuhi kijana wa boda anapeleka yote kituoni. Mwezi huu yamerudishwa mara nne, wanasema yamechacha. Natumia mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa wa mafuta ya kupikia, na kila siku nauosha kwa maji moto na sabuni ya unga. Jirani ananiambia ninunue keni ya alumini. Dukani wanasema stenlesi, lakini bei yake ni kali. Agroveti nao wana plastiki nyeupe ya mdomo mpana. Sasa ninunue ipi?"*

Mama, nunua keni moja ya stenlesi ya lita 10 kwa maziwa ya jioni, yenye mdomo ambao mkono wako unaingia mpaka uguse kila pembe ya chini. Bei ikikushinda, chukua ya alumini ya ukubwa huohuo, nayo itakufaa ukikubali masharti yake ambayo nitayaeleza. Mtungi wa mafuta uache kabisa kuutumia kwa maziwa. Ila usilipe leo. Wapo wafugaji walionunua keni ya bei, wakaendelea kurudishiwa maziwa, kumbe uchachu ulikuwa unaanzia kwenye kiwele au kwenye ndoo ya kukamia.

Kabla ya hayo yote kuna jambo nimeliona katika maelezo yako. Mtungi ni mmoja, ni wa lita 20, na maziwa yako yote ni lita 16. Bila shaka asubuhi unamimina maziwa yenye joto la ng'ombe juu ya yale yaliyolala. Hapo unafanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Maziwa ya jioni yaliyokuwa yamepoa usiku kucha yanapashwa upya, na vijidudu vilivyokuwa vimepunguza kasi vinaamka. Halafu mpimaji akikuta shida, anakurudishia lita zote 16, pamoja na 9 ambazo zilikuwa hazina neno. Kwa mara nne hizo ni lita 64. Ukihesabu shilingi 45 kwa lita, ni shilingi 2,880 kwa mwezi mmoja. Kuanzia leo jioni, ya jioni yakae peke yake na ya asubuhi yasafiri peke yake, hata kama itakubidi uazime sufuria yenye kifuniko. Hata usipobadilisha kitu kingine chochote, hasara itapungua.

Sasa tujue kama mwenye makosa ni mtungi. Tafuta chupa mbili za glasi zinazolingana, za jemu au za siagi ya karanga, pamoja na vifuniko vyake. Zichemshe kwenye sufuria dakika 10, uzitoe, uziache zipoe zikiwa zimeinamishwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Ukimaliza kukama jioni, jaza chupa ya kwanza moja kwa moja kutoka kwenye ndoo ya kukamia. Maziwa yanayobaki yamimine kwenye mtungi kama kawaida yako, utikise kidogo, halafu utoe ya kujaza chupa ya pili. Zifunike, uziweke pamoja karibu na mtungi mpaka asubuhi. Kila kitu katika chupa hizi ni sawa, ng'ombe ni yuleyule, usiku ni uleule, kipimo ni kilekile. Tofauti ni kwamba ya pili imepitia mtungini.

Asubuhi chukua vijiko viwili kutoka kila chupa, uvichemshe peke yake kwenye kisufuria kidogo. Maziwa yaliyochacha hukatika yakipata moto, utaona mabonge madogo na maji ya rangi ya kijani-njano yakijitenga. Chupa ya pili ikikatika na ya kwanza isikatike, mtungi umehukumiwa. Zote mbili zikikatika, shida iko kabla ya mtungi: kwenye chuchu, mikono, kitambaa cha kupangusia au ndoo. Na ikiwa zote mbili ni nzima lakini maziwa yaliyolala mtungini ndiyo yanayokatika, basi kinachokumaliza zaidi ni joto, kwa sababu chupa ndogo hupoa upesi na lita saba zilizofungiwa ndani ya plastiki hukaa vuguvugu mpaka usiku wa manane.

Usiridhike na kisufuria peke yake. Kituoni wanatumia spiriti, kipimo sawa cha maziwa na spiriti, na hiyo hugundua uchachu mapema kuliko moto. Maziwa yanaweza kuvuka jiko lako na yakakwama kwa mpimaji. Mbebee chupa zote mbili, umwombe azipime. Akikuambia maziwa ya chupa ya kwanza yameganda kwenye spiriti ilhali nyumbani yalichemka vizuri, usikimbilie kuosha vyombo. Ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita, aliye karibu kukauka, au mwenye ugonjwa wa kiwele anaweza kutoa maziwa yanayoganda kwa spiriti hata kabla ya kuchacha. Kama kila chuchu unaikamia kwanza mara mbili tatu kwenye kikombe cheusi, vibonge vya maziwa ya kiwele kigonjwa utaviona mwenyewe.

Kwa hali uliyonieleza, natarajia chupa ya pili ndiyo itakayokatika. Mtungi wa mafuta una mdomo usiopitisha mkono, na mshikio wake una uwazi ndani. Ukipata mkuukuu usio na kazi, ukate katikati kwa msumeno, uupeleke nje kwenye mwanga. Pitisha kidole chini ya bega, pale ambapo brashi haifiki. Utahisi utelezi, kama jiwe la mtoni. Ukikwangua kwa ukucha inatoka krimu ya manjano yenye harufu ya siagi iliyokaa. Ndani ya mshikio hali huwa mbaya zaidi, na huko hakuna mtu aliyewahi kusugua tangu mtungi utoke kiwandani. Utelezi huo ni vijidudu vilivyojijengea makao kwa mafuta na protini ya maziwa. Maji na sabuni vinapita juu yake. Jioni ukimimina maziwa ya joto la nyuzi 37, umevipelekea chakula. Katika joto kama hilo vijidudu vinaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Elfu moja huvuka milioni katika muda wa saa tano, na bado mpaka asubuhi kuna saa saba nyingine. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka maziwa ya daraja la kwanza yawe chini ya 200,000 kwa mililita moja.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii. Maji moto unayoanza nayo yanakuharibia. Protini ya maziwa inapopigwa na maji yanayochemka hujipika juu ya chombo, kama ute wa yai unavyoshika sufuria. Ukianza na maji moto, ule ukungu mwepesi uliobaki ndani unaushonea hapohapo, na kesho unaongeza mwingine juu yake. Madini ya maziwa nayo yanajichanganya humo, na baada ya wiki kadhaa unapata gaga gumu la kijivu au la manjano. Stenlesi utakayonunua kwa bei kali itashika gaga hilohilo usipobadilisha mpangilio.

Mpangilio wenyewe ni huu, na unafaa kwa chombo cha aina yoyote. Boda akirudi tu, kabla maziwa hayajakauka, suuza kwa maji ya baridi au vuguvugu mpaka yatoke maangavu, yasiwe na weupe wa maziwa. Halafu ndipo ulete maji moto ambayo mkono unavumilia kwa shida kidogo, pamoja na sabuni ya maji isiyo na manukato, usugue kwa brashi ya nailoni. Anzia sakafuni, upande kuta, umalizie shingo na mdomo. Kifuniko kisugue peke yake, na kama kina mpira, utoe mpira huo kila siku. Nimeona keni zinazong'aa kama kioo ambazo ukiuinua mpira, harufu inakufukuza. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo. Manukato yake hukaa, hasa kwenye plastiki, na maziwa huyachukua. Waya wa kusugulia sufuria nao usiuguse, kwa sababu kila mkwaruzo unaoacha ni mtaro ambao kesho brashi haitaufikia.

Baada ya kusuuza sabuni, kuna kuua vijidudu vilivyobaki, na hatua hii ndiyo inayotofautisha chuma na plastiki. Keni ya chuma, alumini au stenlesi, inavumilia maji yanayochemka. Njoro iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo maji yenu huchemkia kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Hiyo bado inatosha, kwani kinachohitajika ni ukuta wa keni ushike nyuzi 77 au zaidi kwa dakika chache. Kosa la kawaida ni kutumia maji kidogo. Nusu lita ikimiminwa kwenye keni baridi hupoa palepale na haiui kitu. Tumia lita 3 kwa keni ya lita 10, ukiwa umeshika kwa kitambaa kizito, uzungushe keni polepole ili maji yapite kila mahali kwa dakika tatu nne. Kifuniko kiwekelee tu bila kukaza, maana mvuke ukifungiwa unaweza kukirusha usoni. Ukimwaga maji hayo, keni iwe ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa mkono mtupu. Ikiwa unaweza, maji hayakutosha.

Faida nyingine ya joto ni kwamba keni hujikausha yenyewe. Usiipanguse kwa kitambaa, hata kilicho safi. Iinamishe kwenye kichanja, mdomo chini na kifuniko kando, mahali penye upepo. Keni iliyofunikwa ikiwa na unyevu huwa imekwisha kuharibika kufikia jioni, na usiishangae ikinuka. Tena matone yanayobaki humo huingia kwenye maziwa, na mpimaji akitumbukiza kipimo chake cha uzito anaweza kukushuku kwamba umeongeza maji.

Plastiki haina bahati hiyo. Maji yanayochemka huipinda, kifuniko kikakataa kukaa, kwa hiyo inabidi utumie klorini. Jik ya kawaida isiyo na manukato, ambayo lebo yake inasema asilimia 3.85, weka mililita 50 katika lita 10 za maji baridi, yaani vijiko vitatu vikubwa na kidogo. Dawa hiyo iguse kila sehemu ya ndani kwa dakika tano, umwage, uinamishe. Lakini klorini huchoshwa na uchafu. Ikikuta ukungu wa maziwa, inamalizikia kwenye ukungu na vijidudu vilivyo chini vinabaki salama. Joto halidanganyiki hivyo, linapenya. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukuelekeza kwenye chuma, kwa sababu nyumbani kwa mtu mwenye shughuli nyingi kuna siku brashi itapita haraka, na siku hiyo maji yanayochemka yanakusamehe, Jik haikusamehe.

Sasa alumini na stenlesi. Kwa uchachu pekee, zikiwa mpya na zikioshwa sawasawa, hazipishani. Zinapishana katika yale zinayoweza kuvumilia. Alumini inalindwa na ngozi nyembamba sana inayojitengenezea kwenye hewa. Magadi, jivu na kostiki soda vinaivua ngozi hiyo. Najua watu wengi huku wamelelewa wakiona sufuria zikisuguliwa kwa jivu zikang'aa, na kwa sufuria ya ugali hakuna ubaya mkubwa. Kwa keni ya maziwa, kule kung'aa ndiko kuliwa kwenyewe. Baada ya muda ndani hugeuka kijivu hafifu, kisha vinatokea vitundu vidogo kama vya sindano, mara nyingi pembezoni mwa sakafu. Pitisha ukucha, ukihisi unakwama kwama, keni hiyo haisafishiki tena. Klorini iliyolazwa ndani usiku kucha nayo hutoboa vitundu vya namna hiyo. Dakika tano hazina shida.

Alumini pia haipatani na tindikali ya maziwa yaliyoganda. Kusafirishia maziwa mabichi kwa saa chache ni sawa kabisa, na keni za alumini zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kugandishia maziwa lala humo kwa siku mbili ni jambo jingine, kwa sababu tindikali inakula chuma na chuma kinaingia kwenye chakula. Maziwa ya kugandisha yapelekee glasi, kibuyu au stenlesi. Na kwa vile tumetaja kibuyu, kuna wanaofukiza mtungi wa plastiki kwa moshi wakidhani watapata faida ya mursik. Mursik hufukizwa kwa mkaa wa mti maalumu na lengo lake ni kuganda. Wewe unauza maziwa yasiyoganda, na moshi kwenye plastiki utafunika harufu mpaka siku mpimaji atakapokuumbua.

Stenlesi inavumilia sabuni kali, jivu lililosuguliwa na mtoto asiyejua, na maziwa yaliyosahaulika. Ndiyo maana naipendelea kwa nyumba ambayo vyombo vinaoshwa na watu tofauti. Kama ni wewe peke yako unayeosha, na unajiamini, alumini itakupa matokeo yaleyale kwa pesa pungufu. Udhaifu wake mwingine ni kubonyea, na barabara zenu boda hazizionei huruma. Kibonyeo chenye mkunjo mkali ndani ni mahali pa kulala maziwa. Stenlesi nayo si ya milele. Jik ikilazwa ndani yake usiku, au maji ya chumvi, huiletea madoadoa ya kutu na vitundu. Ni vizuri tu kwamba kosa la siku moja haliimalizi.

Dukani usidanganywe na mng'aro wa nje. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu, tazama ndani pale ukuta unapokutana na sakafu. Ile mishono ya kuchomelea iwe imesagwa ikawa laini. Pitisha kidole, kisikute ukingo, tundu wala mfereji. Keni ya stenlesi yenye mshono mbaya ni duni kuliko alumini iliyofinyangwa kipande kimoja bila kiungo, hata kama mwenye duka atakuapia. Watu hubeba sumaku, nayo inasaidia nusu. Ile stenlesi inayofaa maziwa, wanayoiita 304, kwa kawaida haivutwi na sumaku. Lakini ipo ya bei ya chini, 201, ambayo nayo haivutwi na inashika kutu upesi zaidi. Kwa hiyo ikivutwa kwa nguvu, iache, na isipovutwa, tafuta namba 304 iliyogongwa kwenye chuma au iliyoandikwa kwenye risiti. Mwisho, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sehemu usiyoifikia dukani hutaifikia nyumbani.

Ile plastiki nyeupe ya mdomo mpana si sawa na mtungi wako, na sitaki kuipaka matope bure. Iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, laini ndani na isiyo na mshikio wenye uwazi, inaoshika. Angalia chini yake kama ina alama ya gilasi na uma. Namba 2 ndani ya pembetatu inakuambia aina ya plastiki tu. Mtungi wa mafuta unaweza kuwa na namba hiyohiyo, na wa dawa ya kupulizia mahindi vilevile. Inakwaruzika haraka, na ikishapoteza ulaini wa ndani haina matengenezo, ni kununua nyingine. Juu ya yote, Bodi ya Maziwa imekuwa ikiwabana wasafirishaji wanaotumia plastiki ya kawaida na kusisitiza keni za alumini au stenlesi. Muulize mpimaji wa kituo chako kama wanaipokea kabla hujalipa. Wakiipokea, unaweza kuitumia kwa lita 9 za asubuhi zinazofika kituoni ndani ya saa moja, huku ukijikusanyia ya keni ya pili. Kulaza maziwa ya jioni humo nakukataza.

Sababu ya katazo hilo ni upoaji. Chukua karai linaloingiza keni, weka lita 20 za maji ya tangi, ambayo jioni huko kwenu huwa kama nyuzi 17. Lita 7 za maziwa yanayoingia na nyuzi 35 zikitumbukizwa humo kwenye keni ya chuma, ukikoroga mara kwa mara kwa upawa uliochemshwa, zitashuka mpaka karibu nyuzi 22 katika muda wa nusu saa hadi dakika 40. Mwaga maji hayo, mpe ng'ombe anywe, weka lita 20 nyingine, na maziwa yatakaribia 18. Baridi ya usiku wa Njoro inamalizia. Maji ya karai yawe yamefika usawa wa maziwa ndani ya keni, maana ukitia nusu, sehemu ya juu inabaki na joto lake. Plastiki nene inazuia joto kutoka, kazi hiyohiyo huchukua karibu mara mbili, na ni saa zilezile za mwanzo ambazo vijidudu vinakimbia.

Wauzaji wa alumini watakuambia chuma chao hupoza haraka kuliko stenlesi. Ni kweli alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi, lakini ukuta wa keni ni mwembamba mno hata jambo hilo lisionekane. Kinachochelewesha ni maziwa na maji yenyewe yaliyotulia. Kukoroga kunafaa kuliko kubadili chuma.

Karai lina mpaka wake. Dada yako akiwa Kisumu, ambako maji ya tangi jioni yanaweza kuwa nyuzi 25 au zaidi, hawezi kuyalaza maziwa kwa njia hii hata akiwa na keni ya dhahabu. Yeye ama ayauze jioni ileile au apate friji. Hata kwako, mwezi wa Februari maji yakiwa na joto, badilisha maji mara tatu, na uyachote kutoka chini ya tangi.

Kama chupa zitaonyesha kwamba mtungi ndio mkosaji na keni bado hujainunua, unaweza kuvuka wiki mbili kwa sufuria ya stenlesi yenye kifuniko, ukiipoza kwenye karai vilevile. Boda asiibebe hiyo, asubuhi utamiminia kwenye chombo kilichopitiwa na maji moto. Na gaga likijitokeza kwenye keni mpya, changanya siki na maji moto nusu kwa nusu, uache dakika 15, usugue, usuuze vizuri. Siki na Jik visikutane kamwe ndani ya chombo kimoja, vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Keni safi haiui kilichotoka ndani ya ng'ombe. Maziwa yanaweza kufaulu spiriti, yakawa matamu, na bado yakabeba brusela. Yale mnayobakiza ya chai na ya watoto yachemsheni, hata yakiwa yametoka kwenye stenlesi ya bei gani.

Fanya ule mtihani wa chupa jioni tatu, siyo moja, halafu niandikie ni ipi iliyokatika na mpimaji alisema nini. Zikikatika zote mbili, tutaanza na kiwele, na pesa ya keni utakuwa bado unayo ya kununulia dawa.